Maswali na majibu: pembetatu za 30, 60, 90 na za 45

*Mwalimu, karatasi imesema tusitumie jedwali wala kikokotoo. Hizo √2 na √3 nitazikumbuka vipi nikiwa na woga wa mtihani? (Kidato cha Pili, Umoja)*

Usizikariri, zichore. Itakuchukua nusu dakika pembeni mwa karatasi.

Chora mraba wenye upande 1, kisha uukate kutoka kona hadi kona. Kila pembe ya digrii 90 uliyoikata imegawanyika kuwa 45 na 45. Pande mbili ni 1 na 1. Ule mkato ukizidishwa kwa wenyewe, kwa kanuni ya Pithagora, unatoa 1 + 1 = 2, kwa hiyo urefu wake ni √2.

Halafu chora pembetatu yenye pande zote 2. Pembe zake zote ni 60. Shusha mstari wima kutoka kileleni: kitako kinagawanyika kuwa 1 na 1, na pembe ya juu inakuwa 30 na 30. Chukua nusu moja tu. Upande mrefu zaidi ni 2, mfupi ni 1, na ule wima ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 4 − 1 = 3, kwa hiyo urefu wake ni √3.

Sasa fungua mkebe wako wa jiometri. Zile pembetatu mbili za plastiki ndizo hizi hizi. Pima ile nyembamba kwa rula: upande mrefu zaidi ni mara mbili ya mfupi. Ukiishika mkononi hutasahau tena kwamba 1 hukaa mkabala na 30, √3 mkabala na 60, na 2 mkabala na 90. Wengi huweka √3 mahali pa 2 kwa kuwa inaonekana nzito zaidi, lakini √3 ni kama 1.73 tu.

*Pembetatu ya 45, upande mrefu ni sentimita 10. Niligawa kwa 2 nikapata 5, nikawekewa kosa. Mbona?*

Jaribu kuichora hiyo yako: 5, 5 na 10. Pande mbili fupi zikiunganishwa zinatoshana kabisa na ile ndefu, kwa hiyo zinalala juu yake na hakuna pembetatu. Kugawa kwa 2 ni kazi ya 30 na 60. Hapa gawa kwa √2. Zidisha juu na chini kwa √2: 10/√2 = 10√2/2 = 5√2.

*Mimi ni fundi wa kuchomelea, Kariobangi. Ngazi ya chuma inafika kimo cha mita 3, nayo inasimama digrii 60 kutoka sakafuni. Nikate chuma urefu gani?*

Fundi, kabla ya hesabu jiulize ile mita 3 inatazamana na pembe ipi. Ngazi iko 60 kule chini, na ukuta unatazamana na hiyo 60. Basi mita 3 ni ule upande wa √3, si ule wa 1.

Kutoka upande wa √3 kwenda upande mfupi, gawa kwa √3. Na 3 ukiigawa kwa √3 unapata √3, kwa sababu √3 × √3 = 3. Hivyo mguu wa ngazi unakaa mita √3 kutoka ukutani, na ngazi yenyewe ni mara mbili ya hapo: mita 2√3. Sasa ndipo ubadilishe kuwa desimali, karibu mita 3.46, halafu uongeze nafasi yako ya kuchomelea.

Ungechukua 3 kuwa upande mfupi ungepata mita 6, na ukate vibaya chuma kizima. Ukishasimamisha, pima sakafuni: umbali wa mguu hadi ukutani uwe nusu ya ngazi. Usipokuwa nusu, pembe si 60.

*Mwanangu aliandika 3.46 badala ya 2√3 akanyimwa alama. Si ni kitu kimoja?*

Mama, ni jirani tu. Zidisha 3.46 kwa yenyewe upate 11.9716, ilhali 2√3 inatoa 12 kamili. Fundi chuma chake kinamsamehe hiyo tofauti. Swali lililotaka jibu kamili halisamehi, na ukikadiria mapema, kosa huzidi kukua kila unapozidisha.

*Je, ile ya 3, 4, 5 nayo ni ya 30, 60, 90?*

Hapana, ingawa ina pembe ya digrii 90. Upande mfupi ungekuwa nusu ya ule mrefu zaidi, na 3 si nusu ya 5. Pembe zake nyingine ni karibu 37 na 53.