Juisi iliyokolezwa na ile isiyokolezwa: sukari ni ileile

Swali: Nimeacha kununua juisi ya machungwa ambayo boksi lake linasema imetokana na juisi iliyokolezwa, maana nimesoma kwamba hiyo ni maji, sukari na rangi tu. Sasa nanunua isiyokolezwa ingawa bei yake imechangamka, na kila asubuhi nampa mama glasi nzima kwa kuwa ana kisukari. Nimefanya sawa?

Jibu: Kwa ladha, huenda. Kwa kisukari cha mama, hapana, na hiyo glasi ya kila asubuhi isimame kwanza hadi azungumze na wanaomtibu.

Waliokuambia ni maji, sukari na rangi wamechanganya vitu viwili. Kuna ile sharubati nzito ya chupa ambayo mtu huimimina kidogo kwenye glasi na kuongeza maji. Hiyo kweli mara nyingi ni sukari, asidi na ladha, juisi yenyewe kiduchu. Juisi iliyokolezwa ni kitu kingine kabisa. Machungwa yamekamuliwa, kisha juisi ikapashwa moto kwenye mitambo yenye mgandamizo mdogo wa hewa ili maji yatoke kwa mvuke bila kuhitaji joto kali. Inaingia ikiwa na yabisi iliyoyeyuka ya takriban asilimia 11 au 12, nyingi yake ikiwa sukari ya chungwa lenyewe, na inatoka ikiwa na asilimia 66 hivi. Faida yake ni ya usafirishaji na uhifadhi, basi.

Kwenye kiwanda cha kufungasha, maji yanarudishwa. Tuchukue boksi la lita moja linalolengwa kufika asilimia 11.2 ya yabisi. Juisi hiyo ina uzito wa gramu 1,045 hivi, kwa hiyo yabisi yake ni gramu 117. Ili kuzipata, unahitaji gramu 177 za juisi iliyokolezwa, na kilichobaki, gramu 868, ni maji. Hakuna mahali popote kwenye hesabu hiyo ambapo mfuko wa sukari unafunguliwa. Kiwanda kikiongeza maji kupita kiasi, kipimo kinashuka chini ya 11.2 na juisi haifikii kiwango.

Kinachopotea ni harufu. Ile inayokufanya utambue chungwa kabla hujalionja huondoka mapema pamoja na mvuke. Kiwanda kizuri huinasa na kuirudisha mwishoni. Kizembe kinakupa juisi tamu iliyopooza, yenye ladha ya kuchemshwa. Usidhani isiyokolezwa imesalimika. Nayo hupashwa moto kuua vijidudu, huondolewa hewa ili isiharibike, na inaweza kukaa miezi mingi kwenye matangi ya baridi kabla ya kufungashwa. Hewa ikitolewa, harufu nayo hutoka, kwa hiyo hata humo harufu ya machungwa huweza kurudishwa. Kuiita mbichi ni mzaha. Na vitamini C inategemea zaidi boksi limezuia hewa vipi na limekaa muda gani kuliko maneno yaliyoandikwa mbele.

Kinachonichosha ni washauri wa mitandaoni wanaomwambia mgonjwa wa kisukari kwamba isiyokolezwa ina “sukari ya asili isiyopanda”. Glasi ya mililita 250 ya juisi yoyote kati ya hizo mbili ina sukari gramu 20 hadi 25, na nyuzinyuzi za tunda karibu zote zimeachwa kwenye makapi. Inaingia kwenye damu haraka mno, ndiyo maana juisi hutumika kumwinua mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka chini ya miligramu 70 kwa desilita: nusu kikombe, kama mililita 120 hadi 150, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kitu kinachotumika kupandisha sukari hakiwezi kuwa cha kuishusha. Wengine hukwambia uache juisi itulie uone kama inaweka mashapo, eti ndiyo halisi. Mashapo ni nyama ya tunda, na hupatikana kwa zote mbili.

Geuza boksi usome nyuma. Tafuta kwanza jina la bidhaa. “Juisi asilimia 100” ni juisi. “Nekta” ni juisi iliyoongezwa maji, na kwa kawaida sukari pia: kwa viwango vya kimataifa nekta ya chungwa inahitaji juisi asilimia 50 tu, ya embe asilimia 25. “Kinywaji cha matunda” kinaweza kuwa na chini ya hapo, na sifa kwamba juisi yake haikukolezwa inahusu hicho kidogo kilichomo, si boksi zima. Kisha soma orodha ya viambato: sukari au sharubati ya glukosi ikitajwa, imeongezwa. Mwisho tazama gramu za sukari kwa kila mililita 100. Kwa machungwa halisi ni kama 8 hadi 10, hata kama mbele wameandika kwamba hawakuongeza sukari.