Kuwasalimia wazee ukweni Newala

"Jumamosi naenda Newala kwa wazee wa mume wangu, mara ya kwanza. Naanza kumsalimia nani, na mkono natoaje?"

Dada, piga hodi ukiwa nje, subiri karibu, na kama ni nyumba ya Kiislamu toa asalaam aleikum kwa wote ndo zifuate shikamoo za mmoja mmoja. Anza na mkubwa kuliko wote hata kama kakaa kule pembeni, usianze na wifi kisa yuko mlangoni na mshazoeana kwenye simu, huyo atasubiri.

Sasa mkono. Bibi ukimkuta kwenye mkeka anabangua korosho usimsalimie umesimama juu yake, vua viatu, piga goti, toa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko cha huo wa kulia, sema shikamoo bibi, na usiuvute mkono mpaka aitikie marahaba amalize kuuliza habari za safari. Akikupa mikono yote miwili nawe mpe yote. Babu na wazee wa kiume subiri watoe wao kwanza, wengine kwa dini hawampi mkono mwanamke, hapo inama kidogo tu inatosha.

Kiti ndo kiliniponza mimi. Nilifika ukweni nimechoka nikakaa kiti cha kwanza nilichokiona, kumbe cha babu, hakuna aliyesema kitu ila babu kabaki kasimama na mkongojo wake mpaka shemeji akaja kuninong'oneza, na bado inaniuma. We uliza, "nikae wapi mama?", na mzee yeyote akiingia inuka, mwambie karibu ukae, wewe shuka mkekani.