Nani Akae To, Nani Akae Cc, Nani Akae Bcc

Nilipokuwa nikifanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, asubuhi moja niliwaandikia barua pepe wenye malori 43 kwamba muda wa kupakia mzigo bandarini umesogezwa kutoka saa mbili hadi saa nne, na anwani zao zote nikaziweka kwenye Cc, sehemu ya nakala ambako kila mmoja huziona anwani za wenzake. Wengi walibonyeza Reply all, yaani kuwajibu wote, kusema "Nimepokea, asante," na mmoja wao, akidhani ananiandikia mimi peke yangu, akataja bei aliyokubaliana nasi kwa safari ya Arusha, ikasomwa na washindani wake wote. Mwingine aliuliza kama lori lake linahitaji kibali kipya, lakini swali lake likazama katikati ya zile asante, nami nikaliona jioni, dereva akiwa ameshinda getini siku nzima.

Tangazo la namna ile lilipaswa kwenda kwa Bcc, na anwani yangu mwenyewe kwenye To. Aliyewekwa Bcc haonekani kwa wenzake, na hata akibonyeza Reply all, jibu lake halina wa kumfikia isipokuwa mimi.

Barua ya kazi ni jambo jingine. Kwenye To namweka yule tu ambaye ndani ya barua nimemwandikia kitendo cha kufanya: "Mhasibu, tafadhali lipia ushuru wa kontena hili kabla ya saa sita." Wakiwa wawili, kila mmoja namtajia sehemu yake, kwa sababu wasipotajiwa kila mmoja atamngoja mwenzake. Msimamizi wa ghala, ambaye anahitaji kujua tu kwamba kontena linakuja, anakaa Cc, na hatarajiwi kujibu.

Katika barua za namna hii sipendi kabisa kumficha mkubwa wa kazi kwenye Bcc. Akisahau kwamba amefichwa, akabonyeza Reply all, jibu lake litawafikia wote walio To na Cc, nao watajua papo hapo kwamba alikuwa akisoma, na imani iliyovunjika hivyo hairudi upesi. Nikitaka aione barua, naituma kwanza, kisha naifungua kwenye Sent na kumpelekea peke yake kwa Forward.

Mlolongo wa majibu kwa wote ukiwa umeshaanza, kuandika "Tafadhali msijibu wote" huku wote wakiwa bado kwenye Cc huongeza barua nyingine tu, na huwachokoza wengine wajibu "Sawa." Mimi hubonyeza Reply all, nikawahamisha wote kwenda Bcc, nikabaki mwenyewe kwenye To, na mstari wa kwanza nikaandika: "Nimewahamishia Bcc, mwenye swali anijibu mimi." Atakayejibu barua hiyo atanipata mimi tu, ingawa anayejibu barua ya zamani bado atawafikia wote, kwa hiyo naituma mapema, mara tu ninapoona "asante" ya pili.