Aliyeangukia kiganja: msiishie kwenye eksirei ya kwanza

Wadogo zangu mlioripoti karibuni na kupangiwa chumba cha wagonjwa wa nje, huyu mtampata mapema tu. Ni kijana mwenye nguvu zake, ameanguka na pikipiki, au ameteleza kwenye jukwaa la ujenzi kule Mtumba, akajikinga kwa kiganja. Mkono haujapinda, uvimbe ni kidogo au haupo kabisa, vidole vyote anavikunja. Anachosema ni kwamba panamuuma kwenye shina la gumba akisukuma mlango au akikamua nguo. Wengi wa aina hii huandikiwa diklofenaki, wakaambiwa wameteguka na kurudi nyumbani. Baadhi yao wamevunjika skafoidi.

Skafoidi ni mmoja wa mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono, ule ulio upande wa gumba, na ndio unaovunjika mara nyingi kuliko wenzake. Umekaa kati ya safu mbili za mifupa hiyo na kuziunganisha, hivyo kiganja kikigonga chini huku kifundo kimekunjwa kuelekea nyuma, nguvu yote inapita katikati yake. Mara nyingi unakatikia hapo kiunoni. Mgonjwa wa kawaida ni kijana au mtu mzima asiye mzee. Mama mzee akianguka vilevile huvunjika zaidi mfupa mkubwa wa mkono juu kidogo ya kifundo, na mtoto mdogo naye ni nadra kuvunjika skafoidi.

Kinachoufanya mfupa huu uogopwe ni njia ya damu yake. Sehemu kubwa ya damu inaingilia upande wa vidole, kisha inarudi nyuma kuelekea kwenye kiwiko. Ni kama bomba la kijiji lenye tangi upande mmoja: likikatika katikati, nyumba za mwisho ndizo zinazokauka. Mvunjiko wa kiunoni unaweza kukinyima damu kipande cha nyuma, na kadiri mvunjiko unavyokaa nyuma zaidi ndivyo hatari inavyoongezeka. Kipande hicho kinaweza kufa, au mfupa ukakataa kuunga, kisha kwa miaka gegedu la kifundo likalika na mtu akabaki na mkono unaouma na kukakamaa akiwa bado na umri wa kulima. Tena mfupa huu umefunikwa na gegedu karibu wote, kwa hiyo ukivunjika hautoi uvimbe wala bonge la kuunga mnalolizoea kwenye mifupa mirefu. Ndiyo maana kutovimba kusiwatulize.

Nawapa mfano wa mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, umri miaka 24, aliyeanguka na baiskeli kwenye mchanga wa korongo akaangukia kiganja cha kulia. Siku 3 za kwanza alikandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta nyumbani. Siku ya 4 alikuja, si kwa sababu ya maumivu makali, bali kwa kuwa mkasi wa kupogolea ulimshinda: kila akiubana, gumba lilikosa nguvu. Hayo ndiyo maneno ya kuyasikiliza. Mtu akiwaambia kubana kunamshinda baada ya kuanguka, anzeni kushuku kabla hamjamgusa.

Upimaji ulikwenda hivi, na nawaomba muufuate bila kuruka hatua. Nilianza na mkono mzima, wa kushoto, ili ajue jinsi kubonyezwa kwa kawaida kunavyohisi nami nijue uso wake unavyokaa. Kisha nikamwambia anyanyue gumba la kulia kama anayemsimamisha dereva wa lifti. Hapo kano zinasimama pembeni ya kifundo na kati yake panatokea kishimo, kile ambacho wazee wetu wa Kigogo huwekea ugoro wao. Sakafu ya kishimo hicho ni skafoidi. Nikapinda kifundo kidogo upande wa kidole cha mwisho ili mfupa usogee juu, nikabonyeza kwa ncha ya kidole kimoja, taratibu. Mshipa wa damu na neva ndogo vinapita hapo, na ukibonyeza kwa nguvu hata mtu mzima atakunja uso. Tofauti kati ya mkono na mkono ndiyo jibu. Kushoto alinitazama tu, kulia alivuta mkono.

Hatua ya pili ni upande wa kiganja. Kunjeni kifundo nyuma, mfuate mkunjo wa mwisho wa ngozi kabla ya kiganja, chini ya mnofu wa gumba, mtagusa kinundu kigumu. Hicho nacho ni skafoidi, upande wake wa mbele. Hatua ya tatu ni kulishika gumba na kulisukuma lote kuelekea kwenye kifundo, kwa mstari wa mfupa wake. Huyu kijana aliumia kote kutatu. Sehemu moja pekee ikiuma bado ni sababu ya kuendelea na uchunguzi, lakini zote tatu zikikubaliana, shaka yenu iwe nzito.

Msiache kutenganisha na majirani. Maumivu yakiwa mbele zaidi, pale gumba linapoanzia kwenye kiungo chake, fikirieni mvunjiko wa shina la mfupa wa gumba. Yakiwa juu ya kifundo, upande wa mkono wenyewe, ni mfupa mkubwa. Mama anayebeba mtoto mchanga, ambaye hajaanguka kokote na kano zake za gumba zinauma, ana jambo lingine kabisa.

Kwenye fomu ya eksirei nikaandika: ameangukia kiganja, anauma kishimo cha gumba na kinundu cha kiganjani, naomba picha za skafoidi. Mkiandika tu “kifundo cha mkono”, mpiga picha atawapa mbili, ya mbele na ya ubavu, na mfupa huu uliolala mshazari utajificha nyuma ya wenzake. Picha za skafoidi zinaongeza ile ya mshazari na ile ambayo kifundo kimepindwa upande wa kidole cha mwisho, unaponyooka ukaonekana urefu wake wote. Na fomu yenye maelezo inamfanya msomaji wa picha aangalie mahali penyewe.

Picha zake zilikuwa safi zote. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa sababu karatasi ya majibu inasema hakuna mvunjiko na foleni nje ni ndefu. Siku za mwanzo ufa unaweza kuwa mwembamba kuliko uwezo wa picha kuuonyesha. Baada ya siku 10 hadi 14 mfupa wa kandokando ya ufa unakuwa umeliwa kidogo na mwili wenyewe, mstari unapanuka, unaonekana. Kwa hiyo eksirei safi ya siku ya 4 inawaambia tu kwamba hakuna mvunjiko mkubwa wala mfupa uliohama. Iliyoamua matibabu yake ni maumivu ya kishimo.

Nilimfunga banzi ya plasta kutoka chini ya kiwiko hadi kabla ya vifundo vya vidole, vidole vikiwa huru, kifundo kimekunjwa nyuma kidogo kama mtu aliyeshika glasi. Gumba nililifunga hadi kiungo chake cha kwanza, kwa mazoea ya kituo, ingawa wengine hawalifungi na wanapata matokeo mazuri. Siku za mwanzo wekeni banzi ya upande mmoja, si hogo la kuzunguka mkono wote, maana mkono unaweza kuvimba humo ndani. Mwambieni arudi hata usiku vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi.

Kazi kubwa ilikuwa kumshawishi. Alisema, “Dokta, picha si umesema ni nzima? Mimi nina shamba la kupogoa.” Nikamjibu, “Mdogo wangu, picha ya leo haioni kila kitu. Kama mfupa umepata ufa nikakuacha, utapogoa msimu huu, lakini mkasi unaweza kukushinda maisha yako yote. Nipe muda hadi zikaribie wiki mbili tangu uanguke, tupige tena.” Sikumwambia amevunjika, kwa sababu sikuwa na hakika, na wengi tunaowafunga kwa shaka hii huja kukutwa wazima. Nilimwomba pia asikandwe wala kuchuliwa tena na asiifungue banzi nyumbani. Kisha nikaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi yake, nikachukua namba ya simu ya kaka yake. Atokaye Hombolo au Mpwapwa nauli inamfikirisha, na mkono ukiacha kuuma ndani ya banzi ataona hana sababu ya kurudi. Mueleweni, na mpigieni simu.

Angekuwa na uwezo, ningemtuma mapema kupimwa MRI mjini, kwa kuwa kipimo hicho kinauona ufa uliojificha bila kungoja wiki mbili, na kingeweza kumwondolea banzi isiyo ya lazima. Ulizeni kila mgonjwa kama analiweza hilo, msimwamulie kwa kutazama viatu vyake.

Siku ya 13 baada ya kuanguka alirudi. Banzi ilipofunguliwa alisema mkono umepona. Nilipobonyeza kishimo aliuvuta. Picha mpya ilionyesha mstari kiunoni mwa skafoidi, vipande havijahama. Alifungwa hogo kamili, na kwa mvunjiko wa namna hiyo tunategemea wiki 8 hadi 12, tukipiga picha kuhakikisha unaunga. Picha ya pili ingekuwa safi huku maumivu yapo, nisingemwachia: ningemrudishia banzi na kumpa rufaa kwa MRI au CT. Ingekuwa safi na kishimo hakiumi, ningemfungulia na kumruhusu kazi taratibu.

Wapo wasiostahili kungojeshwa hata siku moja kituoni. Vipande vikiwa vimeachana kwa zaidi ya milimita 1, mvunjiko ukiwa kwenye ncha ya nyuma, au kifundo kikionekana kimehama mpangilio, mfungeni banzi na mtume rufaa kwa daktari wa mifupa siku hiyohiyo, kwa sababu hao mara nyingi huhitaji kuwekewa skrubu. Vivyo hivyo aliyeanguka miezi mingi nyuma, akatibiwa kama mteguko mahali pengine, na sasa anakuja na mkono usio na nguvu. Huyo kumfunga hogo peke yake kumechelewa, anaweza kuhitaji kupandikiziwa kipande cha mfupa. Kwenye barua ya rufaa andikeni tarehe aliyoanguka, mkono anaoutumia zaidi, kazi yake, na mlichokigusa sehemu zote tatu, kisha mpeni abebe na picha zake za mwanzo.

Yule wa Hombolo hogo lilipotoka, kifundo kilikuwa kimekakamaa na misuli imepungua. Alianza kwa kukunja na kukunjua mkono ndani ya maji ya uvuguvugu, halafu kubana tambara. Mkasi wa kupogolea nilimruhusu baada ya kishimo kuacha kuuma na picha kuonyesha mfupa umeunga. Kupogoa kwa msimu ule kulifanywa na kaka yake.