Shahidi mmoja, sahihi mbili

"Nimeuziwa ploti Njoro. Muuzaji amesaini Nakuru, mimi nikasainia Kisumu, shahidi wetu ni mmoja, aliyekuwa Nakuru. Mkataba uko sawa?"

Hapana, dada. Shahidi wa ardhi lazima awepo pale mhusika anaposaini. Kifungu 3(3) cha sheria ya mikataba kinataka sahihi ya kila upande ishuhudiwe. Huyo wa Nakuru hakukuona ukisaini. Tafuta mtu Kisumu, usaini upya mbele yake, naye aandike chini ya sahihi yako: "Imetiwa sahihi na mnunuzi mbele yangu", jina lake, nambari ya kitambulisho, sahihi na tarehe ya siku hiyo. Msirudishe tarehe nyuma.

Ukiambiwa lazima mashahidi wawili, anayesema hivyo anawaza wosia. Na ukiambiwa mhuri wa chifu unatosha: hauzibi pengo hili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni majina. Hati miliki ya muuzaji ina mawili, kitambulisho chake matatu, nawe kwenye sahihi umeandika herufi ya kwanza tu. Mkataba ufuate kitambulisho. Kwa ile tofauti ya majina na hati miliki, muuzaji aape hati ya kiapo kwamba ni yeye yule. Muulize wakili kama msajili wa ardhi atatosheka nayo.