Tovuti za jioni na mkataba wa ofisi

"Nimeajiriwa, nataka kuwatengenezea watu tovuti jioni. Mwajiri anaweza kunibana?"

Anaweza, na mara nyingi kinachomponza mtu ni kompyuta ya ofisi. Soma kwenye mkataba vipengele vya kazi za nje, mgongano wa maslahi na umiliki wa kazi. Mikataba mingi husema ulichotengeneza kwa vifaa au muda wa mwajiri ni chake. Ukijenga tovuti ya mteja kwenye kompyuta hiyo, hata saa nne usiku, umempa mwajiri sababu ya kuidai. Tafuta kompyuta yako, hata ya mtumba.

Kisha omba kibali kwa maandishi: taja aina ya kazi, saa zake, na kwamba hutagusa wateja wa kampuni. "Sawa" ya bosi kwenye korido haikusaidii akishahamishwa. Na mteja anayetaka umpokelee simu saa tano asubuhi, mwache.