Mke Wako Amekataa Kutia Sahihi? Mshukuru

*Shikamoo shangazi. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, nina mke na watoto watatu. Mwezi wa tatu niliandikiwa WhatsApp na dada wa Singapore aliyekosea namba. Anaitwa Lina. Ni mstaarabu, ana bidii, anaelewa biashara, na hajawahi kuniomba hata shilingi. Alinifundisha kununua na kuuza sarafu za kidijitali kwenye apu anayotumia mjomba wake. Nilianza na 13,000, nikajaribu kutoa 2,600 zikaingia M-Pesa. Nikaongeza 65,000, halafu 400,000 za mkopo wa ushirika wetu, ambao shemeji yangu ni mmoja wa wadhamini. Sasa akaunti inasoma dola 14,200. Nilipotaka kutoa, nikaambiwa nilipe kwanza ushuru wa asilimia 20, dola 2,840, ndani ya siku saba. Nina ploti Njoro na mnunuzi yupo, lakini mke wangu amekataa kutia sahihi. Ni mbishi, hana moyo wa maendeleo. Alishika simu yangu akasoma mambo ya salamu tu, akabeba watoto akaenda kwao Kakamega. Nimwambie nini akubali kabla siku hazijaisha?*

Marahaba. Pole kwa deni. Pole yangu inaishia hapo, maana wewe umeniandikia nikusaidie kumshinda mke wako, na mimi niko upande wake.

Ploti isiguswe. Sheria ilipotaka sahihi ya mwenzio kabla ya kuuza mali ya familia, ilikuwa inamfikiria mtu kama wewe, siku kama hii. Huyo unayemwita mbishi ndiye ukuta pekee uliobaki kati ya watoto wako na hao wezi.

Najua utasema mwizi hawezi kukuonyesha dola 14,200. Basi fanya jaribio moja usiku huu, halina gharama. Waandikie hao watu wa apu hivi: "Kateni huo ushuru kutoka kwenye pesa zangu mlizonazo, mnitumie zinazobaki." Ukiwa na dola 14,200, ukatwe 2,840, unabaki na 11,360. Hesabu ya darasa la nne. Watakataa. Watakwambia mfumo hauruhusu, au sheria ya kimataifa inataka ushuru utoke nje ya akaunti. Dalali wa kweli hana shida ya kukata anachodai kwenye pesa alizozishika. Hawa hawawezi kwa sababu hakuna cha kukata. Na ushuru wa Mkenya unalipwa KRA kwa PIN yake mwenyewe, haupitii kwa mjomba wa mtu.

Kwenye skrini yako kuna namba tu. Acha nikueleze pesa ilivyotembea, kwa sababu naona hukuambiwa. Ulipotuma kwa M-Pesa, hukumtumia Lina. Ulimtumia Mkenya mwenzako anayeuza USDT, ile sarafu inayofungwa kwa dola, naye akakupa sarafu zako kihalali. Ndiyo maana unaapa kwamba Lina hajakuomba shilingi. Kisha ukanakili anwani ndefu uliyopewa ndani ya apu, nadhani inaanza na herufi T kama zilivyo anwani za mtandao wa Tron, ukazituma sarafu huko. Dakika ile ile zilikuwa mfukoni mwa mwizi. Baada ya hapo apu ni kama kibao cha tangazo: mtu ameketi mahali anaandika leo amepata, kesho amepata zaidi. Grafu zinazopanda na kushuka zinaweza hata kuwa za soko la kweli. Salio lako ndilo la kubuni.

Na zile 2,600 ulizotoa? Hizo ndizo zilizokuuza. Muulize mvuvi yeyote wa Dunga kama mbuta hukamatwa kwa ndoana tupu. Anawekewa samaki mdogo kwanza. Ulikuwa umewapa 13,000, wakakurudishia 2,600 za kwako mwenyewe, ukalala usingizi mzuri, ukaamka ukaenda ushirika kuchukua fomu. Sitashangaa kama ni Lina aliyekushauri ujaribu kutoa kidogo "ili uamini". Ni sehemu ya kazi yake.

Sasa tuje kwa huyo Lina. Umesema alikosea namba. Namba za Singapore zinaanza na +65, zetu zinaanza na +254. Mtu wa kule anateleza kidole namna gani hadi aangukie duka la misumari Nakuru? Hakukosea. Namba kama yako zimo kwenye orodha ndefu, na ujumbe ule ule wa "samahani, nimekosea" hutumwa kwa watu wengi asubuhi moja. Wewe ndiye uliyejibu kwa adabu.

Tena nimehesabu maneno yako, mwanangu. Lina umempa sifa tatu. Mama watoto umempa mbili, zote mbaya. Halafu unaniambia zilikuwa salamu tu. Mwanamke aliyekuzalia watoto watatu hawafungashi usiku akapanda gari la Kakamega kwa sababu ya "habari za asubuhi". Alisoma alichosoma. Kama angekuwa ameniandikia yeye, nadhani tungejua Lina alikuwa akikuuliza kama umekula, na wewe ulikuwa ukimweleza jinsi usivyoeleweka nyumbani. Ndivyo wanavyofanya. Kwa wiki kadhaa hawataji pesa kabisa. Wanasikiliza. Wanajua jina la mtoto anayeugua pumu, wanajua duka halikuuza Jumanne. Wakishajua penye kidonda, wanaleta mjomba.

Utaniambia uliongea naye kwa video ukamwona. Inawezekana. Magenge haya huajiri wasichana wa kupiga simu hizo dakika mbili tatu, na siku hizi sura inaweza kubadilishwa na kompyuta ikicheka na kupepesa macho. Anayeandika usiku kucha ni mtu mwingine kabisa, mara nyingi kijana wa kiume aliyefungiwa ndani ya jengo Myanmar au Kambodia baada ya kudanganywa kwamba anakwenda kuuza simu Thailand. Mapema mwaka wa 2025 maelfu ya watu walitolewa katika majengo ya namna hiyo karibu na Myawaddy, mpakani mwa Myanmar na Thailand, na Wakenya walikuwa miongoni mwao. Fikiria hilo: "Lina" anaweza kuwa ni mtoto wa watu kutoka Kisii, anapigwa asipofikisha kiasi alichopangiwa.

Wachina walioanzisha ujanja huu waliuita mpango wa kuchinja nguruwe, kwa maana ya kunenepesha kabla ya kisu. Mwaka wa 2024 Interpol iliomba jina hilo liachwe kwa sababu linawaaibisha walioibiwa hadi wakaogopa kuripoti. Ni ombi la haki. Lakini wewe nakutajia, kwa sababu bado uko bandani, unatafuta pumba za kuongezea.

Ukilipa hizo dola 2,840, kitatokea hiki. Siku ya pili utaambiwa umechelewa kwa saa chache, kuna faini. Baadaye akaunti "imeshukiwa kutakatisha fedha", weka dhamana. Na Lina, kwa mapenzi yake, atakwambia amekukopea dola 1,000, utaona kweli 1,000 zimeongezeka kwenye skrini, tafuta zilizobaki. Usilie ukiziona. Ziliandikwa na yule yule aliyeandika 14,200.

Ndoa za siku hizi, hebu niseme kidogo. Zamani mume akitaka kuuza ng'ombe mmoja, boma zima lilijua kabla ya jua kutua, na mara nyingine kelele hizo zilimwokoa. Siku hizi mtu anachukua laki nne akiwa amelala kitanda kimoja na mkewe, amempa mgongo, mwanga wa simu umepunguzwa. Tumeiita hiyo faragha. Wezi wanaipenda sana faragha yenu. Nina hakika Lina alikushauri usimwambie mkeo mpaka faida iive, "umshangaze kwa zawadi ya ghafla". Nitafute kama nimekosea.

Haya, kazi. Usigombane na Lina leo, na usimtukane. Akihisi umeshtuka, atafuta mazungumzo na apu itazima. Kwanza piga picha za skrini: namba yake, maongezi tangu siku ya kwanza, salio, anwani ya kuwekea pesa, na ile barua ya ushuru. Kisha ingia pale ulipozihifadhi USDT kabla ya kuzituma, ufungue historia ya kutuma. Kila safari ya sarafu ina namba yake ndefu, imeandikwa TXID. Nakili zote. Hiyo ndiyo nyayo ya mwizi, kwa sababu sarafu inaweza kufuatwa kutoka anwani moja hadi nyingine, na kampuni inayotoa USDT inaweza kuzigandisha polisi wakiiomba mapema. Chukua pia taarifa ya M-Pesa. Lakini usikimbilie kuomba muamala urudishwe: utakuwa unamdai yule aliyekuuzia sarafu, naye alikupa mali yako.

Ukiwa na karatasi hizo, nenda kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB, uombe faili ifike kwa wapelelezi wa DCI wanaoshughulikia makosa ya mtandao. Sitakudanganya, pesa nyingi za aina hii hazirudi, na kila siku unayokaa ukimbembeleza mkeo nafasi inapungua. Baada ya picha, ondoa hiyo apu. Kama uliipata kwa kiungo na simu ikakuonya kwamba chanzo hakijulikani, haifai kukaa kwenye simu yenye M-Pesa. Badilisha pini. Na akitokea "mtaalamu" wa kukurudishia pesa kwa ada ndogo, jua ni wale wale, au wamemuuzia jina lako.

Limebaki deni. Umezama 475,400, ukitoa zile walizokurudishia, na 400,000 kati ya hizo zina wadhamini. Usipolipa, ushirika utagusa akiba zao, na mmoja wao ni kaka wa mkeo. Nadhani hili ndilo linalokunyima usingizi, ndiyo maana ulilipitisha haraka. Nenda ofisini kwao kabla ya kukosa malipo ya kwanza, uombe muda wa kulipa urefushwe.

Halafu panda gari uende Kakamega, ukiwa na taarifa ya M-Pesa mkononi na simu isiyo na nywila. Umwone shemeji kwanza. Mkeo akikuuliza kuhusu Lina, mpe simu asome yote, nawe ukae pale pale mpaka amalize.